Goti la Waseme

Mbwa ana goti. Mimi nilikuwa sijui, na wewe ukiambiwa sasa hivi uoneshe lilipo utaonesha pengine kabisa, kwa hiyo tusichekane. Nilijua nina mbwa, nilijua ana miguu minne, na nilijua miguu hiyo ndiyo inayonilindia muhogo. Mengine nilimwachia Mungu aliyemuumba.

Muhogo wenyewe ulikuwa mbali. Mwaka sabini na nne tulihamishwa wote kutoka mashambani mwetu, tukapangwa mistari kwenye kijiji cha ujamaa, upande huu wa Mahurunga, mlango wangu unatazamana na mlango wa mwenzangu. Watu tulihama. Muhogo haukuhama, na nguruwe nao hawakuhudhuria mkutano. Shamba langu likabaki kule mahameni, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na pande zote majirani wamekwisha ondoka na pori limerudi. Nguruwe, nyani, tumbili, wote wakajua pale kuna mjane mmoja anaitwa Mwanahawa na ekari yake moja ya muhogo wa miaka miwili, uliokomaa, umebakiza miezi mitatu kung'olewa. Ekari hiyo ndiyo chakula changu cha mwaka. Sikuwa na nyingine.

Mlinzi wangu alikuwa Waseme. Mbwa huyu alikuwa wa marehemu mume wangu, Athumani. Alipomleta, watu walisema, Mwislamu gani huyu anafuga mbwa, naye akajibu kwamba mbwa wa shamba hana kosa, na jina lake ni Waseme. Athumani akafa, mbwa akabaki kwangu. Miaka saba nilimpikia ugali wa pumba, nikamtupia, akala. Kumshika sikumshika hata siku moja. Akinigusa na ule mdomo wake, nguo inaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na sabuni yenyewe miaka ile unapanga foleni duka la kijiji na unaweza kurudi mikono mitupu. Nani ana kichaa cha kumpapasa mbwa.

Basi. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka sabini na sita, jua ndiyo kwanza linapanda. Nyani walitokea upande wa bondeni, saba au wanane. Waseme akatoka mbio kama kawaida yake. Nyani mmoja akakata kona, Waseme naye akakata kona, na hapo hapo nikasikia mlio mmoja tu, mkali, kisha kimya. Nikajua ameumwa. Nikashika panga nikakimbia.

Hakuna aliyemuuma. Nilimkuta amesimama kwa miguu mitatu, mguu wa nyuma wa kulia ameuning'iniza, ncha za vidole tu zinagusa chini, na ananitazama. Nyani walikuwa mbali, wanacheka. Nikamzunguka. Damu hakuna, jeraha hakuna, mfupa haujachomoza. Nikachukua kijiti nikamgusagusa nyayo, nikitafuta mwiba. Mwiba hakuna. Nikasema labda nyoka, nikakaa chini nikisubiri avimbe, afe. Hakuvimba, hakufa. Mwili ukanisisimka, nasema kweli. Mbwa mzima dakika ile, dakika hii kilema, na hakuna kilichomgusa. Nilisoma kila aya niliyoijua.

Paulo ndiye aliyenikuta pale. Paulo ni jirani yangu wa mlango wa pili, Mmakonde, Mkristo, na mtani wangu, yaani mtu ananitukana asubuhi mpaka jioni na mimi namrudishia, na bado nikiugua ndiye anayeniletea kuni. Alikuwa na gobori lake begani na baiskeli yake mkononi.

"Umempiga mwenzako?" akauliza.

"Nitakupiga wewe."

Akaweka gobori, akamshika mbwa bila hofu, akapapasa mguu. Ukimtazama mbwa nyuma, mguu wake umepinda mahali chini, umechongoka kwa nyuma. Paulo akaushika pale akasema goti limeteguka. Akavunja vijiti vya mwanzi, akafunga pale kwenye mpindo kwa ugwe, kazi safi kabisa. Tukampakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli, tukarudi kijijini.

Siku ya pili mbwa alikuwa vibaya zaidi. Siku ya tatu Paulo akaja na uso wa msiba.

"Dada," akasema, na akiniita dada ujue utani umekwisha, "mbwa wa miguu mitatu ni chakula cha chui. Niache nimpumzishe. Risasi moja, hatajua."

Nikamwambia angoje Alhamisi, maana Alhamisi Bwana mifugo anakuja kuchanja kuku. Akasema haya, Alhamisi, lakini Ijumaa asubuhi nakuja. Usidhani nilikuwa na huruma. Nilikuwa napiga hesabu ya nguruwe.

Bwana mifugo wetu aliitwa Erasto, kijana wa Kihaya, mrefu, mpole, amesomea Mpwapwa, anasema Kiswahili cha darasani. Alimaliza kuku, nikampeleka nyuma ya nyumba. Kwanza akauliza nani amefunga vijiti. Paulo akajibu kwa majivuno ni yeye.

"Na kwa nini umemfunga kisigino?"

"Hilo goti."

"Hiki ni kisigino, ndugu yangu. Mbwa anatembelea vidole, kisigino chake kiko juu juu hivi. Goti ni hili." Akaweka mkono juu kabisa, karibu na tumbo, pale ambapo mimi miaka yote nilijua ni paja. Paulo akatazama mguu wake mwenyewe, kisha wa mbwa, kisha wake tena.

Erasto akakata ule ugwe. Hakumlaza mara moja. Alimtazama amesimama, akamwambia Paulo amtembeze hatua kumi, akapapasa mapaja yote mawili kwa mikono miwili kwa pamoja.

"Hili paja limekwisha kukonda," akasema. "Nyama haikondi hivi kwa siku nne. Na hapa upande wa ndani wa goti pana uvimbe mgumu, umeota siku nyingi. Mama, akikaa chini anakaaje? Anakunja miguu yote sawa?"

Nikafikiri. "Huu anautupa nje."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa korosho uliopita."

"Na asubuhi akiamka?"

"Anakuwa mzito kidogo. Akitembea unalegea."

Erasto akanitazama bila ubaya. "Basi huu ugonjwa una mwaka mzima. Kano ilikuwa inalika kidogo kidogo kama kamba ya kisima. Juzi imemalizikia tu. Aliyekuwa anampapasa mbwa huyu angeusikia uvimbe mapema."

Hakuna aliyekuwa anampapasa. Nililiona lile paja kila siku ya Mungu, kwa mbali, nikasema mbwa amezeeka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Sasa tumlaze ubavu," Erasto akasema. "Paulo shika miguu. Mama, shika kichwa."

"Mimi?"

"Anakujua wewe."

Nikazungushia mikono ncha za kanga nikapiga magoti. Kichwa cha mbwa ni kizito. Sikujua. Kina moto, na chini ya taya pana mahali panapigapiga kama kwangu. Waseme alitulia tuli, macho juu, ananitazama kwa karibu namna ile, na mimi nikawa sijui nitazame wapi.

Erasto akashika fupa la paja kwa mkono mmoja, juu kidogo ya goti, na muundi kwa mkono wa pili, chini yake. Akatuliza mikono. Kisha ule wa juu akauacha tuli, na ule wa chini akausukuma mbele. Mfupa ukateleza. Niliuona kwa macho yangu, ndani ya ngozi, muundi unatoka mbele kama droo ya meza, unarudi, unatoka. Kiungo cha kiumbe hai kinafunguka na kufungwa. Paulo akaachia mguu mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Haitakiwi isogee hata kidogo," Erasto akasema. "Ndani ya goti kuna kano mbili zimepishana. Ya mbele ndiyo inayozuia muundi usitoke. Imekatika. Kila akikanyaga, mfupa unateleza, unamuuma, ndiyo maana haukanyagi."

"Itaunga?" nikauliza.

"Kano hii ikishakatika haiungi. Lakini goti linaweza kujijengea kovu nene pembeni likashika."

Akataka kumpima uzito. Tukampeleka ghala la korosho, Paulo akamtundika ndani ya gunia kwenye mizani ya ndoana, watu wakajaa kutazama mbwa anapimwa kama korosho za daraja la kwanza. Kilo kumi na tisa. Erasto akatikisa kichwa. Angekuwa na kumi, kumi na mbili, akasema, kupumzika peke yake kungemtosha mara nyingi. Kwa kilo zile, na mbwa wa mbio, bora operesheni. Mtwara yuko Daktari Danieli, amekwisha fanya mbwa kadhaa, anafunga goti kwa nailoni upande wa nje, hiyo nailoni inashika mahali pa kano mpaka kovu likomae.

"Na nisipompeleka?"

"Wiki nane mpaka kumi na mbili amefungwa kamba fupi. Hakimbii, haruki, hapandi wala hashuki. Anatoka kwenda haja tu, kwa kamba, anarudi. Chakula umpunguzie asinenepe. Baada ya wiki sita unaanza kumtembeza polepole. Anaweza kupata nafuu, anaweza asipate. Na operesheni nayo ina mapumziko yale yale, usidhani anaamka anakimbia." Akafunga mkoba wake. "Jambo la mwisho. Mbwa akikatika goti moja, mara nyingi la pili linafuata kabla ya mwaka au miwili. Uwe unalipapasa."

Kwenda Mtwara ni lori la korosho, siku ya kwenda, siku za kungoja, na shamba nani analala nalo? Nikachagua kamba. Sikumchagulia Waseme. Niliuchagulia muhogo. Paulo akarudisha gobori ndani, akasema nina bahati ya kuwa na jirani asiye na haraka.

Erasto aliniachia vidonge vya aspirini, vya kumpa pamoja na chakula, na akaonya nikiona mavi meusi niache mara moja. Nikamfunga Waseme nyuma ya nyumba, alfajiri nikaenda shambani peke yangu, nikakaa juu ya dungu nikipiga debe. Dungu, kwa msiojua, ni kile kibanda cha kulindia shamba, juu ya nguzo, kimo cha mtu na nusu, sakafu ya miti. Jioni nikirudi nakuta mbwa ametafuna kamba, amechimba shimo, amelia mpaka sauti imekauka, na majirani wamenuna. Siku tatu hivyo. Siku ya nne nikajiona nina akili kuliko Bwana mifugo.

Nikasema hivi: Erasto anataka mahali padogo ambapo mbwa hawezi kukimbia. Dungu ni dogo. Juu kule atakuwa na mimi, hatalia, na mimi nitakuwa na shamba langu. Kila alfajiri Paulo akampakia kwenye tenga, akampeleka kwa baiskeli kabla hajaenda shamba la kijiji. Tunampandisha na tenga lake kwa kamba, nakaa naye kutwa, jioni tunamshusha. Nilijisifu, wallahi. Hata Paulo alinisifu, na Paulo hana tabia hiyo.

Wiki ya tatu ikaanza kunipa moyo. Akawa anakanyaga. Kwanza vidole, kisha nyayo nzima, hatua mbili tatu mle mle juu ya dungu. Na mimi, kila siku, nampapasa. Kwanza nikiwa nimefunga kanga mkononi, baadaye kanga ikawa inateleza, nikaiacha. Udongo wa kunawia sikuukosa, shamba zima ni udongo.

Kuna jambo moja lilinisumbua. Siwezi kusali pale juu, mbwa amejaa sakafu yote na mate yake. Kila wakati wa sala nashuka, natawadha, natandika mkeka chini ya dungu. Na nikishuka, kamba yake naifanyaje? Nikimwacha amefungwa juu akaruka, atajinyonga. Nililiona hilo vizuri sana, nikajipongeza. Kwa hiyo kila nikishuka namfungua. Anakaa pale juu ananitazama nikisali, hatikisiki. Siku ishirini na mbili hakutikisika.

Siku ya ishirini na tatu, alasiri, niko rakaa ya pili. Nikasikia upande wa bondeni muhogo unang'olewa, kwaa, kwaa, na nguruwe wanakoroma. Nguruwe mchana kweupe. Nikasikia kucha za Waseme zinakwaruza miti juu ya kichwa changu. Nilijua. Hapo hapo nilijua kinachokuja. Ningeweza kukata sala, dini haimkatazi mtu kuokoa kitu chake. Lakini nikajiambia, mwanamke mzima unakata sala kwa ajili ya mbwa, watasemaje. Nikainama kurukuu. Na nikiwa pale nimeinama nikaona kivuli kinapita chini, kisha kishindo, kisha ule mlio.

Sala niliimaliza. Sijui nilisoma nini. Nilipotoa salamu na kugeuka alikuwa amelala ubavu, anajaribu kusimama, anaanguka. Nguruwe walikuwa wanaendelea kula, hata hawakugeuka. Nilikaa mavumbini nikambeba kichwa nikalia kwa sauti, mimi Mwanahawa, ambaye hata mazishi ya Athumani nililia kwa adabu.

Paulo alikuja jioni akatukuta. Akafungua mdomo. "Asiyesikia la mkuu," akaanza, akaniona uso, akaumeza mwisho wake. Akamshika mbwa akamkunja goti polepole. Mara hii kulikuwa na sauti. Kila likikunjwa, ta. Likinyooshwa, ta. Kama mtu anabofya ulimi. Paulo akaondoa mkono haraka.

"Kesho lori la korosho linaondoka," akasema.

"Na shamba?"

"Nitapita nikiweza. Unajua nina zamu ya mgambo na shamba la kijiji. Sikuahidi kitu, dada."

Nilijua kwamba nikiondoka, ekari ile inaliwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikaondoka. Njiani nilijiambia naenda kumtengeneza mlinzi, na muhogo wa mwaka ujao utalindwa. Maneno hayo niliyarudia juu ya magunia mpaka tukaingia mjini.

Daktari Danieli alikuwa mtu mfupi, mzee kidogo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Chumba chake kilinuka dawa. Alisikiliza ile ta, akaeleza kabla hata sijauliza. Ndani ya goti kuna vitakia viwili vya gegedu, vinakaa kati ya mifupa. Kano ikiwa haipo, mfupa unateleza na kukisaga kitakia. Aliporuka kimechanika na kujikunja. Kupumzika hakutoshi tena, kipande kile lazima kitolewe. Mezani palikuwa na bakuli la vyombo vilivyochemshwa, na nailoni nene, ile ile ya kuvulia samaki wakubwa, imeviringwa ndani ya chupa ya dawa. Nikaitazama nailoni ile nikasema, yaani uzima wa huyu uko kwenye mshipi wa samaki.

Akamchoma sindano kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Nilikuwa nimemshika. Alilegea mikononi mwangu mara moja, ulimi nje, na nilidhani amekufa, nikapiga kelele. Daktari akanionesha kifua kinapanda na kushuka. Aliponyoa ule mguu wa kulia, akaupima kwa mkono, droo ikatoka mbele yote. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu, akashika mguu wa kushoto. Ule mzima.

Akasukuma. Akasukuma tena. Akaweka mkono chini.

"Mama, njoo hapa."

Akaniwekea vidole vyangu juu ya goti lile la kushoto, upande wa ndani. Nilikuwa nimelipapasa kila siku, lakini nilikuwa nalipapasa la ugonjwa, hili nikilipita juu juu. Palikuwa na kinundu kigumu. Akausukuma muundi mbele yangu. Ukasogea. Kidogo, si kama ule mwingine, lakini ulisogea.

"Mbwa akiwa macho anakaza misuli, hulioni," akasema. "Amelala, halijifichi. Kano imelika nusu. Nitakwambia ukweli wote, kisha utaamua wewe. Nikifunga la kulia leo, miezi mitatu ya kumwangalia kama mtoto mchanga. La kushoto likikatika, na sioni kwa nini lisikatike, tunaanza upya. Mwisho wa yote atatembea, atakimbia kidogo uani. Nguruwe hatakimbiza tena. Hiyo kazi imekwisha leo, nikifunga nisifunge." Akagusa sindano iliyobaki kwenye mshipa. "Na huyu sasa hivi amelala. Nikiongeza dawa hii, hatajua chochote. Hakuna atakayekulaumu. Mbwa wa shamba umemfuga kwa shamba."

Nilifungua mdomo kusema muhogo. Neno lilikuwa pale pale, nimelibeba tangu kijijini. Hesabu yote ilikuwa wazi, hata mtoto angeijumlisha: muhogo unaliwa, mlinzi hayupo tena, risasi ya Paulo ingekuwa mwezi mmoja uliopita na ningekuwa nimelala shambani mwangu. Daktari alikuwa ananisubiri.

"Funga," nikasema.

"Kwa kazi gani, mama?"

"Hana kazi. Nampenda."

Nilishtuka kuliko yeye. Niligeuka nyuma kutazama nani ameingia chumbani akasema maneno yale. Mwanamke wa heshima, mjane wa Athumani, anatamka hivyo juu ya mbwa mbele ya mwanamume mgeni. Daktari hakucheka. Aliosha mikono upya akaniambia nitoke nje, nisije nikamwangukia mezani.

Alikaa zaidi ya saa moja na nusu. Alipotoka alikuwa na kisahani, na ndani yake kipande cheupe kama ukucha uliokatwa, ndicho kitakia kilichochanika, na nyuzi mbili tatu zilizochakaa ambazo zilikuwa kano. Vitu vidogo vile. Akasema ametoboa tundu kwenye kichwa cha muundi, amepitisha nailoni kutoka nyuma ya goti kwa nje, ameikaza, droo haitoki tena.

Mpwa wangu Zainabu anakaa Magomeni, pale pale mjini, nikamwendea na mbwa wangu mwenye mguu ulionyolewa. Akatupa kibanda cha kuku, kuku akawahamishia jikoni, akaninunia siku mbili. Mara nne kwa siku napitisha kanga chini ya tumbo la Waseme, karibu na mapaja, namwinua nyuma, anatembea kwa miguu ya mbele kwenda haja, na mimi nyuma yake nimeinama nimeshika ncha mbili. Watoto wa Magomeni walitufuata kama harusi. Kila jioni nakunja goti taratibu, nanyoosha, nakunja, kama daktari alivyonifundisha. Mara kumi na tano. Mguu hakuukanyaga. Siku tano, saba, kumi, nyuzi zikatolewa, hakuukanyaga. Usingizi ulinipotea. Nilimuuliza daktari kama nailoni imekatika, akasema tulia mama, mbwa wengine wanachukua wiki mbili.

Siku ya kumi na mbili, saa nne za asubuhi, nikiwa uani nimeshika kanga, Paulo akaingia mlangoni. Amekuja na lori. Amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na nikajua.

"Dada, pole. Sikuwa na namna. Nilipita juzi, wameingia kundi zima. Wamemaliza. Hakuna shina lililosimama, dada, ekari yote, wamechimba mpaka..."

Kanga ililegea mikononi mwangu. Nikatazama chini. Mguu wa kulia wa nyuma ulikuwa ardhini, vidole vimetanuka, nyayo nzima, na uzito umepanda juu yake.

"Nyamaza kwanza, Paulo," nikamwambia. "Amekanyaga."